Nataka aende, si nataka anaenda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaojifunza Kiswahili, wanaowafundisha, na wale waliozaliwa nacho ambao wakiulizwa "kwa nini iwe hivyo?" hujibu "ndivyo tunavyosema". Unahusu kosa moja ambalo nalisahihisha karibu kila siku: kitenzi kinachofuata baada ya *nataka*, *naomba*, *lazima* na wenzao.

Ni "nataka aende" au "nataka anaenda"?

Ni *nataka aende*. *Anaenda* ni habari. Inatuambia kwamba mtu yuko njiani, au ana mazoea ya kwenda, au safari yake imeshapangwa. Ukisema *nataka*, huko kwenda hakujawa habari bado. Kumo kichwani mwako tu, na huenda kusitokee kabisa. Kwa hiyo kitenzi kinaacha *-na-* na kuishia na *-e*:

Nataka Juma aende sokoni.
Mama anataka tule sasa hivi.
Mwalimu anataka tusome kwa sauti.

Anayesema "nataka anaenda" ataeleweka, hilo tusidanganyane. Lakini masikioni mwa msikilizaji ni sentensi mbili zilizogongana: "Nataka." Halafu, "Anaenda." Msikilizaji ndiye anayelazimika kuziunganisha.

Naipataje hiyo "aende" kutoka "anaenda"?

Kwa hatua mbili. Chukua *anasoma*. Ondoa *-na-*, inabaki *asoma*. Badili *a* ya mwisho iwe *e*, unapata *asome*. Kwa nafsi zote ni *nisome, usome, asome, tusome, msome, wasome*. Kwa kwenda ni *niende, uende, aende, twende, mwende, waende*. *Tuende* utaisikia sana, lakini katika maandishi *twende* ndiyo inayopendeza.

Usiishie hatua ya kwanza. *Asoma* na *aenda* ni vitenzi kamili vyenye maana yao, na magazeti yetu huvipenda kwenye vichwa vya habari. "Waziri aenda Mtwara" ni habari: ameshakwenda au yuko njiani. "Waziri aende Mtwara" ni madai: mhariri, au wananchi, wanamtaka afunge safari. Tofauti ni herufi moja, na kichwa cha habari kinageuka kutoka taarifa kuwa shinikizo.

Mwanafunzi wangu sasa anasema "nataka anaende". Amefika wapi?

Amefika nusu ya njia. Amesikia kwamba lazima iwepo *-e*, akaibandika mwishoni bila kuitoa *-na-*. Utakutana pia na *tunasome* na *unakuje*. Mwambie kwamba *-na-* ya wakati na *-e* hii hazikai kwenye kitenzi kimoja. Hali kadhalika *-li-*, *-ta-* na *-me-*: hakuna *aliende*, hakuna *ataende*, hakuna *ameende*.

Kuna *na* nyingine isiyohusika na katazo hili, nayo hukaa mbele kabisa, kabla ya nafsi: *natuseme ukweli*, *asiyetaka na aende zake*. Hiyo haionyeshi wakati. Inatia mkazo kwenye ombi au ruhusa, na *-e* inabaki pale pale. Ukimsahihisha mtu kwa kumkataza "na" bila kumwonyesha ni ipi, siku moja atakuletea "natuseme" na kukuuliza kama wewe hujui sarufi.

Kwa nini "tule" na si "tukule"? Si tunasema "tunakula"?

Swali zuri, kwa sababu jibu lake liko kwenye mkazo na si kwenye maana. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Shina la kula ni *-la* tu, silabi moja. Ungesema *tunala*, mkazo ungeangukia *-na-*, na *-na-* haibebi mkazo. Ndipo *ku-* inapoitwa kusaidia: *tunaKUla*. Ndivyo ilivyo pia kwa *alikula, atakula, amekula*.

Katika *tule* hakuna *-na-*. Silabi ya pili kutoka mwisho ni *tu-*, nafsi, na hiyo inaubeba mkazo bila taabu. *Ku-* haina kazi, inaondoka. Sikiliza pia *simba anamla swala*: *-na-* imo, lakini *-m-* ya swala imekaa kati na inabeba mkazo, kwa hiyo *ku-* haikuitwa.

Vitenzi vya kundi hili ni vichache, na vyote unavitumia kila siku: kula (*ale*), kunywa (*anywe*), kuja (*aje*), kuwa (*awe*), kufa (*afe*). Kupa ni wa kundi hilo hilo, ila siku zote huja na anayepewa: *ampe, nikupe, watupe*. Kwenda na kwisha navyo huacha mwanzo wao: *aende*, na *nataka kazi hii iishe leo*.

Mitaani Nairobi utasikia "tukule" na "nataka nikule", na wanaosema hivyo wanaelewana vizuri kabisa. Ni lugha yao ya mtaani. Kwenye mtihani, barua ya kikazi au kitabu, ni *tule* na *nile*. Na ukiwa Tanga au Unguja, "tukule" itakutambulisha umetoka wapi kabla hujataja jina.

"Nataka arudi" haina -e. Ni makosa?

Si makosa. Vitenzi ambavyo tangu mwanzo haviishii na *a*, vingi vyao vyenye asili ya Kiarabu, havibadili mwisho wake: *arudi, ajibu, asafiri, ajaribu, afikiri, asahau, asamehe*. Kinachobadilika ni kimoja tu, kutoweka kwa *-na-*. *Anarudi* ni habari, *arudi* ni ombi.

Hapa wanaojitahidi sana ndio hukosea. Wameambiwa "weka e", wakaandika *arude* na *ajibe*. Lakini ukikiongezea kitenzi hicho mnyambuliko, mwisho wake unakuwa *a*, na *-e* inapata mahali pa kukaa. Nataka *arudi*, lakini nataka *arudishe* kitabu. Nataka *ajibu* barua, lakini nataka barua *ijibiwe*.

Lini niseme "nataka kwenda" na lini "nataka niende"?

Anayetaka akiwa ndiye atakayetenda, kitenzi cha pili huwa na *ku-*: *nataka kula, anataka kusoma, wanataka kwenda*. Watendaji wakiwa wawili tofauti, mmoja anataka na mwingine anatenda, ndipo *-e* inapohitajika: *nataka ale, anataka tusome*.

*Nataka niende* haikukosewa. Watu wanaisema, hasa wanapotaka kusisitiza au baada ya kubishana: "Mimi nataka niende mwenyewe, sitaki mtu aende kwa niaba yangu." Kwa mwanafunzi anayeanza ningemwachia *nataka kwenda*, ili *-e* imkae kichwani kama dalili kwamba kuna mtu mwingine kwenye sentensi. Wala usiongeze *kwamba*. "Nataka kwamba Juma aende" inanuka tafsiri. Sema *nataka Juma aende*, au *namtaka Juma aende*.

Ni maneno gani yanayofuatwa na -e, na yapi hayafuatwi?

Usiyakariri kama orodha ya soko. Jiulize jambo linalotajwa ni la kutendwa au ni la kujulikana.

Ya kutendwa huchukua *-e*: taka, omba, sihi, amuru, agiza, ruhusu, pendekeza, acha, pia *lazima, sharti, inabidi, inafaa, afadhali, heri, ni bora*, na *ili*. *Naomba unisaidie. Inabidi twende. Afadhali alale. Nimekuja ili tusome.*

Ya kujulikana hubaki na wakati wake: jua, fahamu, sikia, amini, dhani, kumbuka. *Najua anaenda. Nimesikia walikuja. Nadhani atafika.* *Natumaini* huwachanganya wengi, maana tumaini linafanana na kutaka, lakini kawaida yake ni *natumaini atafika*, kwa sababu unakisia yatakayotokea. Unayemtumainia hujamwomba kitu. Ukitaka *-e*, badili neno la mbele: *naomba afike*.

*Kabla* ina njia yake: *kabla ya kwenda*, au *kabla hajaenda*. Tuiache hapo.

Mbona kuna maneno yanayokubali yote mawili?

Yapo, na mimi hufundishia hayo, kwa sababu hapo *-e* inabadili maana yenyewe na si ufasaha tu. Mwanafunzi akishaona hasara ya kukosea, husahihishwi tena, anajisahihisha.

La kwanza ni *ambia*. Tazama hizi mbili:

Mwambie mama anakuja.
Mwambie mama aje.

Ya kwanza inampelekea mama habari kwamba kuna mtu anakuja. Ya pili inamwita mama mwenyewe. Sasa weka mtoto katikati. Shangazi anapiga simu, mama yuko uani anafua, mtoto anapokea. Shangazi anasema, "Mwambie mama yako aje." Mtoto aliyekulia mbali, ambaye hii *-e* haijamkaa, anakimbia uani: "Mama, shangazi amesema anakuja." Mama anaacha kufua, anapanga viti, anaongeza mchele chunguni. Shangazi naye yuko kwake, anatazama mlango. Mtoto alipaswa kusema, "Mama, shangazi amesema uje." Angalia pia kwamba *aje* imekuwa *uje*, kwa sababu sasa anayeongeleshwa ndiye anayetakiwa kwenda. Mtoto ana kazi mbili kwa wakati mmoja, kushika *-e* na kugeuza nafsi. Ndiyo maana sentensi za kupeleka ujumbe ndizo zinazowaangusha hata wale ambao kwenye *nataka* hawakosei.

La pili ni *sema*. *Amesema tunakula* ni ripoti: ametuelezea kwamba sisi tuko mezani, au kwamba tuna tabia ya kula. *Amesema tule* ni agizo au ruhusa: chakula kiko tayari, vuteni viti.

La tatu ni *ona*. *Naona anaenda*: namwona kwa macho, yule pale barabarani. *Naona aende*: huo ndio ushauri wangu. Wazee kwenye kikao huitumia sana hii ya pili: "Mimi naona kijana aende akaombe radhi." Hajaona kitu kwa macho, ametoa hukumu.

La nne ni *lazima*. *Lazima aende* ni wajibu, hana hiari. Lakini *lazima amekwenda*, au *lazima atakuwa amekwenda*, ni kukisia: taa zimezimwa, viatu havipo mlangoni, basi lazima amekwenda. Mwalimu anayefundisha kwamba "baada ya lazima ni -e siku zote" atakwama siku mwanafunzi atakapomletea sentensi ya pili, nayo ni sahihi kabisa.

Nikisema jambo la jana, -e inabadilika?

Haibadiliki. *Nilitaka aende, nataka aende, nitataka aende.* Wakati unaonyeshwa na kitenzi cha mbele, na *-e* inabaki vile vile. "Nilitaka alienda" ni kosa la ndugu mmoja na "nataka anaenda", na dawa ni ile ile.

Mwanafunzi huuliza hapo: sasa nitajuaje kama alikwenda au hakwenda? Kwa sentensi hiyo peke yake hutajua. *Nilitaka aende* inasema nia yangu tu. Ukitaka kueleza kilichotokea, endelea: *nilitaka aende, akaenda*, au *nilitaka aende, hakwenda*.

Kukanusha je? "Nataka haendi"?

Hapana. Ukanushaji wa *-e* ni *-si-*, inayokaa mara tu baada ya nafsi: *nataka asiende, nataka tusile, naomba msichelewe*. *Haendi* ni habari, kama *anaenda*, ila imekanushwa.

Chunga mwisho wake. Kwa sababu *haendi* na *hasomi* huishia na *i*, watu huchanganya wakaandika *asiendi* na *tusisomi*. Yenye *ha-* ya wakati uliopo, kama hizo, huishia na *-i*, yenye *-si-* ya namna hii huishia na *-e*. Na *-si-* inaweza kubeba mkazo, kwa hiyo *ku-* haihitajiki hapa pia: *usile*, si *usikule*, *asinywe*, si *asikunywe*.

*Sitaki aende* na *nataka asiende* hukaribiana sana, na kwenye mazungumzo mara nyingi moja husimama mahali pa nyingine. Mimi nasikia tofauti ndogo: *sitaki aende* ni kukataa pendekezo lililokwisha kutolewa, na *nataka asiende* ni agizo linaloanzia kwangu.

Kuna msemo unaopendeza wa aina hii ambao vitabu vya kujifunzia huusahau: *asije aka-*. "Mshike mtoto asije akaanguka." "Funika maziwa paka asije akayanywa." Hapo *asije* haihusiani na kuja, inataja jambo unalolihofia na unalolizuia mapema.

Je, kuna wakati "anasoma" inaweza kufuata "nataka"?

Ndiyo, ila kwa kupitia *awe*. Tuseme mzazi anarudi nyumbani saa kumi na moja. Akisema *nataka asome saa kumi na moja*, mtoto anaweza kusubiri saa hiyo ndipo aanze. Akisema *nataka awe anasoma nikifika*, mlango ukifunguliwa kitabu kinatakiwa kiwe kimeshafunguliwa. Na akisema *nataka awe amesoma nikifika*, kazi yote inatakiwa iwe imekwisha. *-e* imekaa kwenye *kuwa*, na kitenzi kinachofuata kiko huru kubeba *-na-* au *-me-*.

Msimamizi wa kazi huitumia kila siku: *Nataka uwe umemaliza kabla ya saa kumi.* Mtu akiandika "nataka anasoma", muulize kwanza alikusudia nini. Pengine hakuihitaji *asome*. Alihitaji *awe anasoma*. Kumsahihisha bila kumuuliza ni kumwekea maneno mdomoni.

Vitu navyo vinachukua -e?

Vyote, kwa kufuata ngeli zake. *Nataka gari liende mbele kidogo. Nataka viti vipangwe. Mlango ufungwe. Maji yachemke kwanza.* Katika kutendwa, *-w-* inabaki na *-e* inakaa baada yake: *chakula kiliwe kingali moto*, *maji yanywewe leo*.

Na ikiwa hakuna "nataka" kabisa? Mtu amesema "Tule!" tu.

Hiyo ndiyo *-e* katika umbo lake la wazi kabisa, na sentensi fupi za namna hii zimejaa kwenye mazungumzo. *Tule* ni mwaliko. *Tule?* kwa sauti ya kuuliza ni kuomba kauli. *Nije?* ni kuomba ruhusa. *Nifanye nini?* ni kuomba ushauri. *Aende* ni ruhusa kwa asiyekuwepo. Walengwa wakiwa wengi, ongeza *-ni*: *twendeni, tuleni, tusomeni*.

Mimi hufundishia mlango huu. Mwanafunzi aseme kwanza sentensi fupi iliyo peke yake, *Aende*, kama jibu la mtu aliyeulizwa "Mtoto aende?" Akishaizoea, aweke *nataka* mbele bila kugusa kitu: *nataka aende*. Kisha *mama anataka aende*, *lazima aende*, *nimemwambia aende*. Kitenzi hakiguswi hata mara moja. Kipimo hicho kinafanya kazi hata kwa kurudi nyuma: funika *nataka* kwa kidole, usome kilichobaki. Kikisomeka kama pendekezo au ruhusa, sentensi ni nzima. Kikisomeka kama habari, ina kasoro.

Baada ya amri pia *-e* huja: *njoo ule, kaa tusome, nenda ukalale*. Hiyo *-ka-* ya *ukalale* inaonyesha kwamba kuna kwenda mahali kwanza. Methali nayo imejengwa hivyo: *mgeni njoo, mwenyeji apone*. Amri iko mbele, na *apone* ndiyo faida inayotarajiwa.

Nionyeshe usahihishaji mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Huu ni ujumbe wa kubuni, lakini kila kosa lililomo nimelikuta mara nyingi katika kazi za wanafunzi:

"Shikamoo shangazi. Mama anataka unakuja Jumapili. Anataka tunakula pamoja. Amesema ninakununulia samaki, nami nataka kaka ananisaidia kubeba. Lazima tunaondoka kanisani mapema ili tunafika kabla ya saa saba. Tunatumaini mvua isinyeshe."

Mbili za kwanza ni nyepesi: *unakuja* iwe *uje*, *tunakula* iwe *tule*, na *ku-* inaondoka kwenye zote mbili.

Ya tatu ina mtego. *Amesema ninakununulia samaki* inasomeka kama ripoti: mama amesema kwamba mimi tayari nanunua. Mwandishi alikusudia agizo, kwa hiyo ni *amesema nikununulie samaki*. Mwanafunzi aliyejifunza kuondoa *ku-* anaweza kuiondoa na hapa, akaandika "ninunulie samaki". Sasa anamwambia shangazi amnunulie yeye! *-ku-* hii si ile ya *kula*. Hii ni shangazi mwenyewe, wewe unayenunuliwa, na lazima ibaki.

*Ananisaidia* iwe *anisaidie*: *-ni-* inabaki kwa sababu hiyo hiyo. *Lazima tunaondoka* iwe *lazima tuondoke*, maana hapa ni wajibu na si kukisia. Baada ya *ili*, *tunafika* iwe *tufike*.

Sentensi ya mwisho imekosewa kwa bidii. Mwandishi amezidisha *-e* mahali isipotakiwa. Ama aseme *tunatumaini mvua haitanyesha*, ama abadili neno la mbele aseme *tunaomba mvua isinyeshe*. Kwa kuwa mvua haiko mikononi mwa mtu, ningemwachia ya pili:

"Shikamoo shangazi. Mama anataka uje Jumapili. Anataka tule pamoja. Amesema nikununulie samaki, nami nataka kaka anisaidie kubeba. Lazima tuondoke kanisani mapema ili tufike kabla ya saa saba. Tunaomba mvua isinyeshe."

Wanafunzi wangu kutoka Uganda hawakosei hapa, wa Ulaya wanakosea. Kwa nini?

Kwa sababu *-e* hii si mali ya Kiswahili peke yake. Imeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Anayesema Kiganda ana *njagala agende* nyumbani kwao, na *agende* hiyo ndiyo *aende* yetu kwa sura na kwa kazi. Amezoea kubadili mwisho wa kitenzi baada ya kutaka. Wa Kizulu ana *ahambe*. Wanafunzi hao wape mfano mmoja wa lugha yao uendelee na mengine. Shida yao, ikiwepo, itakuwa kwenye *arudi* na *ajibu*, ambako watatafuta *-e* wasiione.

Wa Ulaya wengi huja na lugha ambazo kitenzi baada ya "nataka" hakionyeshi mabadiliko wanayoyasikia, au huonyesha kwa njia nyingine. Kwao hatua ya kuondoa *-na-* ndiyo ngumu, kwa sababu *anaenda* na *anasoma* ndiyo maumbo waliyofundishwa wiki ya kwanza, na yamewakaa mdomoni kama jina moja lisilokatika. Kwa wanafunzi hao mimi huanza kufundisha *tule, twende, tusome* mapema, siku zile zile za *anasoma*, kabla *-na-* haijaota mizizi.